Waheshimiwa wa Ekofin, mutuonyeshe pia hali mbaya



Kila mwaka, wakati serikali ya jimbo inapeleka bajeti mbele ya wabunge, tunasikiaka maneno yale yale. "Bajeti imepanda." Watu wanapiga makofi. Redio inatangaza kiasi kikubwa. Kisha mwezi wa saba unafika, daraja bado ni mbao mbili juu ya maji, infirmye hajalipwa, na mukubwa mmoja anatoka kusema: "Pesa haikuingia."

Mwaka huu tuliamua kusoma bajeti wenyewe. Kati yetu kuna waliosoma uchumi, kuna waliosoma sheria, na wote tuko nyumbani na diplome ndani ya sanduku. Muda tuko nao. Tulichangia makuta ya fotokopi, tukaketi, tukafungua. Karibu na mwisho tukapata ukurasa mmoja wenye safu tatu: "hali nzuri", "hali ya kutazamiwa", "hali mbaya". Tulifurahi. Tulisema, kumbe hawa watu wanafikiri.

Furaha ilidumu dakika tano. Hali nzuri ilikuwa jumla ya mapato kuongeza asilimia 10. Hali mbaya ilikuwa jumla ile ile kutoa asilimia 10. Basi, mwisho. Hakuna aliyeandika ni nini kingeweza kuharibika, wala nini kingefanyika kama kimeharibika. Ile si senario, ni kuzidisha kwa kalkulatrisi.

Tunaandika leo juu ya ukurasa ule mmoja, sababu tunaamini kwamba pale ndipo barabara yetu inapotea. Haipotei siku pesa inakosekana. Inapotea siku komisheni ya fedha, ile Ekofin, inakubali bajeti bila kuuliza: pesa ikikosekana, nani anakatwa wa kwanza?

Pesa ya jimbo inatoka wapi

Ili senario iwe ya kweli, lazima ianze na vitu vinavyosukuma pesa, si na jumla. Kwa jimbo la madini kama ya kwetu huku kusini, vitu hivyo si vingi. Viko vitatu vikubwa.

Cha kwanza ni mrabaha wa madini, ile watu wanaita redevansi. Sheria ya madini ya mwaka 2018 iliweka kiwango: shaba inalipa asilimia 3.5 ya thamani yake ya kuuzwa, na kobalti, sababu iliwekwa kwenye orodha ya madini ya kimkakati, inalipa asilimia 10. Ile pesa inagawanywa hivi: nusu inaenda serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 mji, komini, sekta au sheferi ambako mgodi uko, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vya kesho.

Cha pili ni pesa ya Kinshasa. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na kwamba inapaswa kubakizwa pale pale inapokusanywa. Kila mtu anajua kwamba haifanyiki vile. Inapanda Kinshasa, kisha inarudi kwa kiasi na kwa siku Kinshasa inazotaka.

Cha tatu ni kodi za jimbo lenyewe: magari, nyumba, kodi ya pangisho na ushuru mbalimbali.

Sasa tazama. Mrabaha unategemea bei ya London na tani zinazotoka. Pesa ya Kinshasa inategemea Kinshasa. Kodi za jimbo zinategemea biashara na uaminifu wa wanaokusanya. Ni hatari tatu zisizofanana. Ukizifunga pamoja na kusema "tuongeze 10, tutoe 10", umeficha kila kitu ambacho komisheni ilipaswa kuona.

Hesabu yenyewe, tufanye pamoja

Tuchukue jimbo la mfano. Namba za jimbo hili ni za kwetu, tumezifanya za mviringo ili kila mtu afuate na simu yake mkononi. Si bajeti ya jimbo fulani. Lakini viwango vya sheria ni vile vya kweli.

Jimbo linatoa tani 200,000 za shaba na tani 20,000 za kobalti kwa mwaka.

Hali ya kutazamiwa. Shaba tunaiweka kwa dola 9,000 kwa tani. Thamani ni dola milioni 1,800. Mrabaha wa 3.5% ni milioni 63, na robo ya jimbo ni karibu milioni 16. Kobalti tunaiweka kwa dola 25,000 kwa tani. Thamani ni milioni 500, mrabaha wa 10% ni milioni 50, jimbo linapata 12.5. Pesa ya Kinshasa: kwenye karatasi jimbo liliahidiwa milioni 60, lakini miaka mitatu iliyopita ilikuwa inaingia 30 hivi. Basi tunaandika 30. Kodi za jimbo: 20. Jumla ni karibu milioni 78.

Simama kidogo hapa. Tumeandika 30, hatukuandika 60. Watu watasema tunaachilia haki ya jimbo. Hapana. Haki inadaiwa mahakamani, bungeni na barabarani, na sisi tutaendelea kuidai. Lakini safu ya kutazamiwa haiandiki kile tunachostahili. Inaandika kile kinachoingiaka. Dawa ya kujua ni rahisi: chukua bajeti tatu za nyuma, chukua na hesabu za mwisho za miaka ile, zile serikali inaletaka bungeni wakati wa kufunga mwaka, ziweke kando kwa kando, mstari kwa mstari. Mstari unaoingiza nusu kila mwaka, utaingiza nusu na mwaka huu, mpaka kuwe na sababu mpya inayoandikwa.

Hali nzuri. Shaba dola 10,000: jimbo linapata 17.5. Kobalti dola 35,000: jimbo linapata tena 17.5. Kinshasa inatuma 40. Kodi za jimbo zinafika 22. Jumla ni milioni 97.

Hali mbaya. Hapa lazima iwe na hadithi, na hadithi tuko nayo, hatuhitaji kuiwaza. Tarehe 22 mwezi wa pili mwaka 2025, serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje ya inchi kwa miezi minne, sababu bei ilikuwa imeanguka sana. Ile miezi minne iliongezwa. Mwishoni zikaja kota, kuanzia tarehe 16 mwezi wa kumi. Ni karibu miezi nane. Na mrabaha unadaiwa wakati mali inatoka kwenye kiwanda kwenda kuuzwa. Kobalti inayolala kwenye depo hailipi kitu. Basi kwenye hali mbaya, zinatoka tani 8,000 tu, kwa dola 22,000: jimbo linapata 4.4. Shaba inashuka mpaka tani 180,000 kwa dola 8,000: jimbo linapata 12.6. Kinshasa, yenyewe iko na vita ya kulipia, inatuma 18. Kodi za jimbo zinaanguka mpaka 16, sababu malori yakisimama, na madepo na hoteli zinasimama. Jumla ni milioni 51.

Kwa hiyo safu zetu tatu ni hizi: 97, 78, 51.

Tazama umbali. Kutoka katikati kwenda juu ni 19. Kutoka katikati kwenda chini ni 27. Shimo ni refu kuliko mlima. Ile karatasi ya "kuongeza 10, kutoa 10" ingesema hali mbaya ni 70. Komisheni ingelala usingizi mzuri na 70, wakati shimo la kweli liko 51.

Na ile bajeti "iliyopanda" ambayo watu wanaipigia makofi? Kwa kawaida inatengenezwa hivi: unachukua bei ya hali nzuri, unachukua kodi za hali nzuri, kisha unaandika pesa ya Kinshasa yote 60. Inatoka milioni 117. Ni juu hata ya hali nzuri! Mtu hahitaji diplome ili aone kwamba bajeti ya vile haitatekelezwa. Anahitaji tu mtu amwekee safu tatu kando yake.

Inchi nzima imeshapita hapo. Bajeti ya taifa ya mwaka 2020 ilipigiwa kura kwa karibu franka bilioni 18,545, zaidi ya dola bilioni 10. Mapato yaliyoingia yalikuwa chini kabisa ya hayo. Korona ilizidisha, ni kweli. Lakini hata kabla ya korona, Fonds ya kimataifa ya fedha ilikuwa inasema kwamba yale makadirio hayakuwa ya kweli.

Mtego wa kota

Kuna kosa lingine, na hili hata watu werevu wanalianguka. Wanafikiri hali mbaya ni kuchukua kila kitu kwa kiwango cha chini kabisa na kukijumlisha. Lakini vitu vingine vinashuka pamoja, na vingine kimoja kikishuka kingine kinapanda.

Kota za kobalti ni mfano mzuri. Kwa mwaka 2026 na 2027 ziliwekwa tani 96,600 kwa mwaka kwa inchi nzima, chini ya nusu ya kile Kongo ilitoa mwaka 2024. Mtu atasema mara moja: tani zimekatwa nusu, basi mrabaha umekatwa nusu. Si lazima. Kongo ndiyo inatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, na ikifunga bomba, bei inapanda. Ndivyo ilivyokuwa: mwanzoni mwa 2025 tani ilikuwa karibu dola 21,000, na kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imepita mara mbili ya hapo.

Turudi kwenye jimbo letu la mfano. Tani 20,000 kwa dola 25,000 ni milioni 500. Kota ikileta tani 9,000 tu, lakini bei ikawa 55,000, ni milioni 495. Pesa ni karibu ile ile! Jimbo halikupoteza kitu.

Hatari ya kweli iko wapi basi? Iko pahali pawili. Kwanza, miezi ya kufunga, wakati bei inaanza kupanda lakini hakuna lori linalotoka: bei nzuri mara sifuri ni sifuri. Pili, siku bei itarudi chini na kota ikabaki. Tani 9,000 kwa dola 25,000 ni milioni 225 tu, na jimbo linapata 5.6 mahali pa 12.5. Hiyo ndiyo hali mbaya ya mwaka wa kota. Mwenye kuandika senario bila kujua hayo ataogopa kitu kisichouma, na ataacha kile kinachouma.

Kwa hiyo kila safu iandikwe kama hadithi fupi ya mwaka mmoja ambao unaweza kutokea. "Mgodi umefungwa miezi saba, bei imebaki chini, Kinshasa imechelewa." Mistari miwili inatosha. Kama hauwezi kusimulia namna vile vitu vinatokea pamoja, namba zako ni za kubahatisha.

Senario isiyokata kitu ni mapambo

Sasa tunafika kwa kile kinachotuhusu sisi, wenye kutembea mguu ndani ya matope.

Jimbo letu la mfano, kwa hali ya kutazamiwa, linagawa milioni 78 hivi: mishahara 28, mafuta, misafara, posho na kazi za ofisi 12, madeni ya nyuma 5, vituo vya afya na masomo 8, barabara na madaraja 25.

Hali mbaya imefika. Kuna 51. Lazima kukata 27. Kama hakuna aliyepanga mbele, nini kinatokea? Sote tunajua. Mishahara inalipwa, na ni sawa ilipwe. Misafara inaendelea, sababu wanaosafiri ndio wanaoshika kalamu. Madeni yanalipwa kwa wenye kujulikana. Hesabu: 28 na 12 na 5 ni 45. Zinabaki 6, na juu ya ile 6 vituo vya afya na barabara wanagombana kama kuku juu ya punje moja. Barabara haikukatwa na mtu yeyote. Hakuna aliyesaini. Ilikufa tu yenyewe, sababu ndiyo pekee ambayo haina mtu ndani ya ofisi ya kuisemea.

Sasa tufanye vile Ekofin ingeweza kulazimisha. Ndani ya bajeti, kando ya safu ya 51, kuwe na safu ya matumizi iliyokwisha kukatwa kwa mpangilio, na wabunge waipigie kura pamoja na bajeti. Mishahara 28. Madeni 5. Afya na masomo 8, haiguswi. Kazi za ofisi zinashuka kutoka 12 mpaka 5. Barabara inashuka kutoka 25 mpaka 5, na ile 5 inaandikwa jina: daraja lililokwisha kuanzwa, si kazi mpya kumi za kupigia picha. Jumla: 51.

Inauma. Barabara bado inapoteza 20. Hatutawadanganya, senario haitengenezi pesa. Lakini kuna tofauti tatu. Daraja moja linamalizika, mahali pa kumi zilizoachwa katikati. Infirmye anapata dawa. Na mukubwa naye amekatwa, kwa maandishi, mbele ya mwaka kuanza, wakati bado hajui kama atakatwa kweli. Pale ndipo mtu anakubali haki kwa urahisi: mbele ya kujua ni upande gani ataangukia.

Na hali nzuri? Ile 19 ya juu isiwe na mwenyewe mpaka iingie kwenye konti. Iandikwe orodha ya kazi zinazongoja: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pesa ikiingia, kazi ya kwanza inaanza. Isiingizwe kamwe kwenye mishahara mipya, sababu bei ya kobalti inashuka, lakini mtu uliyemuajiri haondoki siku bei imeshuka. Tunasema hivi sisi wenye hatuna kazi, na inatuuma kuandika. Lakini kazi isiyolipwa baada ya miezi mitatu, tumeona ndugu zetu ndani yake. Si kazi ile.

Siku ya kuamua

Kitu cha mwisho ambacho ukurasa ule ulikosa: tarehe. Nani anasema kwamba tumeingia kwenye hali mbaya, na lini?

Huku kwetu mvua inanyesha karibu kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine. Barabara inajengwa kiangazi. Kontra zinasainiwa mwezi wa tano. Basi siku ya kuamua ni tarehe 30 mwezi wa ine, mbele ya kusaini. Kufika pale, miezi minne ya hali ya kutazamiwa ingekuwa imeleta karibu milioni 26, na miezi minne ya hali mbaya, karibu 17. Tuweke alama kati: 21. Kama konti imepokea chini ya 21, orodha ya kukata inaanza kazi kesho yake, bila mkutano mpya, bila maombi. Kama imepita, kontra zinasainiwa.

Wenye hesabu watatuambia kwamba pesa haiingii sawasawa kila mwezi, na wana haki. Kama kodi fulani inaingia zaidi mwanzoni mwa mwaka, basi mutumie sehemu iliyoingiaka miezi minne ya kwanza ya miaka ya nyuma, musigawe tu kwa kumi na mbili. Alama inaweza kuwa 21 ao 23. Muhimu ni kwamba iandikwe mwezi wa kumi na mbili, si itafutwe mwezi wa nane.

Fikiria mwaka 2025. Kobalti ilisimamishwa tarehe 22 mwezi wa pili. Tarehe 30 mwezi wa ine, jimbo lenye alama kama ile lingekuwa limeshajua. Jimbo lisilo na alama linajua siku hundi inarudi.

Na kuna hatari moja hatukuiingiza kwenye hesabu ya juu ili isiwe nzito, lakini Ekofin isiisahau: bei ya dola. Mrabaha unahesabiwa kwa dola, lakini mishahara inalipwa kwa franka. Mwaka 2025 dola ilishuka kutoka juu ya franka 2,800 mpaka chini ya 2,500. Sokoni tulifurahi. Lakini mishahara ya dola milioni 28 kwa 2,800 ni franka bilioni 78.4. Ukiilipa wakati dola iko 2,400, unahitaji dola karibu milioni 33. Ni milioni 5 zimepotea bila mtu kuiba. Ni bei ya daraja letu.

Tunaomba nini

Hatuombi bajeti ndogo, wala hatuombi bajeti kubwa. Tunaomba Ekofin ya jimbo ikatae kusoma bajeti yoyote ambayo haina ukurasa wenye vitu vine.

Moja: safu tatu zilizojengwa juu ya bei, tani, pesa ya Kinshasa na kodi, kila kimoja peke yake, na hadithi ya mistari miwili juu ya kila safu.

Mbili: kando ya kila mstari, kile kilichoandikwa na kile kilichoingia miaka mitatu ya nyuma.

Tatu: orodha ya kukata kwa hali mbaya na orodha ya kungoja kwa hali nzuri, zote mbili zipigiwe kura.

Ine: tarehe na alama, ili mwezi wa ine mtu yeyote aweze kuuliza swali moja tu: "Iliingia ngapi?"

Ukurasa huo unaandikwa na watu wawili kwa siku tatu. Tunajua, sababu tuliujaribu na karatasi za fotokopi na simu moja yenye kalkulatrisi. Tukaupeleka kwa depite mmoja. Akautazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Sasa nikionyesha hii 51, watu si watasema tumeshindwa kazi?"

Mzee wetu, tulimjibu kwa heshima, watu hawatawalaumu juu ya bei ya kobalti. Hakuna mama hapa sokoni anayefikiri kwamba ni gavana anapanga bei ya London. Watawalaumu siku watakapojua kwamba mulijua 51 inaweza kuja, na mukaandika 117.

Alikunja karatasi, akaiweka mfukoni. Alisema ataizungumza kwenye komisheni. Vikao vya bajeti viko wazi kwa raia. Wenye nafasi, mukuje na bic na daftari. Tutaketi nyuma, na tutahesabu safu.